Je, vepu zenye ladha zipigwe marufuku ili kuwalinda vijana? Namna ya kuipanga insha ya hoja

Swali hili hutolewa shuleni kama insha na kwenye midahalo ya vijana, na watu wazima nao hubishana juu yake. Wengi huanza kuandika kabla ya kupanga, na ukurasa wa kwanza unajaa maneno kama "vepu ni mbaya kwa afya" na "serikali ichukue hatua". Insha ya namna hiyo haimshawishi mtu ambaye hakuwa ameshawishika tangu mwanzo. Katika makala hii tunapanga insha moja hatua kwa hatua, kuanzia swali mpaka hitimisho. Mfano wetu mkuu ni Marekani, kwa sababu huko marufuku ya ladha imekwisha kujaribiwa na matokeo yake yalipimwa kwa wanafunzi wenyewe.

Kwanza, fahamu kitu chenyewe

Vepu ni sigara ya kielektroniki. Ndani yake mna betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika. Mtumiaji akivuta, waya unapasha moto kile kimiminika, kinageuka mvuke, na mvuke unaingia mapafuni. Hakuna jani la tumbaku linaloungua, ndiyo maana hakuna majivu na harufu ya moshi ni kidogo. Nyingine zina umbo la kalamu, nyingine zinafanana na flashi ya kompyuta, na mzazi anaweza kuikuta kwenye begi la shule asijue ni kitu gani.

Kimiminika hicho kwa kawaida kina nikotini, yaani dawa ileile iliyo kwenye tumbaku na inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Juu ya nikotini huongezwa ladha, kama embe, stroberi, mnanaa au peremende. Ladha haileti uraibu yenyewe. Kazi yake ni kuficha ukali. Nikotini peke yake hukwaruza koo, na anayeivuta kwa mara ya kwanza hukohoa na kuikataa. Ukiwekewa utamu wa embe, ule mlango wa kwanza unakuwa rahisi kuupita. Shika jambo hili, kwa maana hoja ya kwanza ya insha yetu imejengwa juu yake.

Pili, libane swali

Swali lenyewe linasema "zipigwe marufuku". Marufuku ya nini hasa? Kuna angalau njia tatu tofauti, na mwandishi asipozitenganisha, atajikuta anatetea moja huku anatoa mifano ya nyingine.

Njia ya kwanza ni kupiga marufuku sigara zote za kielektroniki. Jirani zetu Uganda wamefanya hivyo katika Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015. Njia ya pili ni kuziacha sigara hizo ziuzwe kwa watu wazima, lakini kuondoa ladha zote isipokuwa ya tumbaku. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya aina hii mwaka 2019. Njia ya tatu ni kuondoa ladha katika aina fulani tu ya vifaa. Hii ndiyo iliyochaguliwa na serikali kuu ya Marekani mwanzoni mwa mwaka 2020, na tutaona kilichotokea.

Swali letu linazungumzia ladha, si vepu zote. Kwa hiyo mfano wa Uganda unaweza kutajwa kwa sentensi moja, lakini hauwezi kuwa uti wa mgongo wa insha.

Tatu, andika msimamo kwa sentensi moja

Msimamo ni sentensi inayosema unataka nini na kwa nini. Iandike kabla ya kitu kingine chochote, na iwe na mipaka inayoonekana. Linganisha sentensi hizi mbili.

"Vepu zenye ladha ni hatari, hivyo zipigwe marufuku."

"Ladha zote isipokuwa ya tumbaku ziondolewe katika kila aina ya vepu, kwa sababu ladha ndizo zinazomvuta kijana asiyevuta, na marufuku inayobakiza aina moja huwahamishia vijana kwenye aina hiyo."

Ya kwanza ni malalamiko. Ya pili inaweza kupingwa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Anayesoma anajua mara moja atapewa hoja mbili, na anajua mwandishi hakutaka vepu zote ziondoke. Sisi tutapanga insha kwa msimamo huu wa pili. Mwenye msimamo wa kupinga marufuku anaweza kutumia mpango huuhuu, akabadilisha nafasi za hoja.

Nne, hoja ya kwanza: ladha ndiyo chambo

Kila hoja inahitaji vitu vitatu: dai, ushahidi, na maelezo ya jinsi ushahidi unavyobeba dai. Wengi hutoa viwili vya kwanza, wakasahau cha tatu.

Dai letu ni kwamba ladha ndiyo inayomvuta kijana. Ushahidi unatoka katika utafiti wa kitaifa unaofanywa Marekani kila mwaka, ambapo wanafunzi wenyewe hujaza dodoso kuhusu tumbaku. Mwaka 2024, karibu wanafunzi 9 kati ya kila 10 waliokuwa wakitumia vepu walisema wanatumia zenye ladha.

Sasa maelezo. Mpinzani atauliza, "Je, hao 9 wasingetumia vepu zisizo na ladha kama hizo tu ndizo zingekuwepo?" Ni swali la haki, na takwimu hiyo peke yake hailijibu. Ndiyo maana tulianza na namna ladha inavyofanya kazi. Mtu mzima anayevuta sigara miaka 20 amekwisha kuzoea ukali, na anatafuta nikotini. Mtoto wa miaka 14 haitafuti nikotini kwa sababu bado haijui. Anachokifuata ni utamu na udadisi, na nikotini anaikuta ndani. Halafu kuna umri. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na nikotini katika kipindi hicho hudhuru sehemu zinazohusika na umakini, kujifunza na kujizuia. Chambo cha namna hii kinamnasa mtu wakati ambao kunasuka ni kugumu zaidi kwake.

Tano, hoja ya pili: mwanya mmoja unatosha kuiharibu sheria

Hapa ndipo mahali pa kukaa kwa muda mrefu, maana ushahidi wake ni wa tukio halisi.

Mwaka 2019 utafiti uleule ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za Marekani walikuwa wametumia vepu angalau mara moja katika siku 30 zilizotangulia. Hiyo ni zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya kila wanne. Vepu iliyotamba wakati huo ilikuwa ya kampuni ya Juul, kifaa kidogo kinachowekewa kichupa kilichokwisha kujazwa kiwandani.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatangaza hatua, ambazo zilianza kutekelezwa Februari 6, 2020. Ladha ziondolewe katika vichupa hivyo vya kiwandani, isipokuwa ladha ya tumbaku na mentoli. Lakini vepu za kutumia na kutupa, zile ambazo kimiminika kikiisha unatupa kifaa chote, hazikuguswa. Ziliendelea kuuzwa zikiwa na ladha za matunda na peremende.

Kilichofuata kilipimwa. Mwaka 2019, kati ya wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakitumia vepu, waliotumia hasa zile za kutupa walikuwa asilimia 2.4. Mwaka 2020 wakafika asilimia 26.5. Yaani katika kila watumiaji 100, waliokuwa 2 wakawa 26 kwa mwaka mmoja. Mpaka utafiti wa mwaka 2024, vepu za kutupa ndizo zilizokuwa zikiongoza miongoni mwa wanafunzi.

Tukiandika aya hii kikamilifu ndani ya insha, inaweza kusomeka hivi:

"Marufuku inayobakiza mwanya huwahamisha vijana badala ya kuwalinda. Mwaka 2020 Marekani iliondoa ladha nyingi katika vepu za vichupa lakini ikaziacha vepu za kutumia na kutupa. Kati ya wanafunzi wa sekondari waliotumia vepu, sehemu ya waliotumia za kutupa ilipanda kutoka asilimia 2.4 mwaka 2019 hadi 26.5 mwaka 2020. Wanafunzi hao walifuata ladha ilikokwenda, wala hawakujali umbo la kifaa. Kwa hiyo sheria inayotaja aina ya kifaa itakuwa nyuma ya soko kila mara, ila sheria inayotaja ladha yenyewe inafunga milango yote kwa pamoja."

Tazama sentensi mbili za mwisho. Ndizo maelezo. Bila hizo, namba zingebaki zinaelea.

Sita, tahadhari juu ya namba inayovutia

Ukisoma matokeo ya utafiti huo utaona kitu kitamu zaidi. Watumiaji wote wa vepu katika sekondari walishuka kutoka asilimia 27.5 mwaka 2019 mpaka 19.6 mwaka 2020. Mwandishi mwenye haraka ataandika, "Marufuku ya Februari 2020 iliwapunguza watumiaji."

Usiandike hivyo. Utafiti wa mwaka 2020 ulianza Januari, kabla marufuku haijaanza, ukasimama katikati ya Machi shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Sehemu ya wanafunzi walijaza dodoso kabla sheria haijagusa duka lolote. Tena, Desemba 2019 umri wa kuuziwa tumbaku na vepu nchi nzima ulikuwa umepandishwa hadi miaka 21. Mambo hayo yote yalikutana, na huwezi kulipa moja sifa yote. Mwaka 2024 watumiaji wa sekondari walikuwa wameshuka mpaka asilimia 7.8, lakini katika miaka hiyo kulikuwa na hatua nyingine nyingi zaidi.

Kuna mtego wa pili unaofanana na huo. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, watu 2,807 walilazwa hospitali au kufariki nchini Marekani kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na kuvuta vepu, na waliofariki walikuwa 68. Waandishi wengi huutumia msiba huo kama hoja dhidi ya ladha. Lakini uchunguzi uliuhusisha zaidi na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vimiminika vyenye kilevi cha bangi, vingi vikiwa vimepatikana nje ya maduka halali. Tukio ni la kweli, ila halithibitishi kwamba ladha ya embe inaua. Mpinzani anayelijua hilo ataiangusha insha yako yote kwa sentensi moja.

Saba, hoja pinzani: mpe mpinzani nafasi yake bora

Hoja pinzani haiwekwi ili ionekane ya kijinga. Chagua ile iliyo kali kuliko zote, uieleze kama mwenyewe angeieleza.

Upande wa pili una hoja mbili nzito. Ya kwanza inahusu watu wazima. Kundi la watafiti la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za afya za dunia nzima, limeona kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia wavutaji kuacha sigara kuliko plasta au jojo za nikotini. Kwa makadirio yao, kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha, takriban 8 hadi 10 hufaulu kwa vepu, na 6 kwa plasta na jojo. Mtetezi atasema kwamba mvutaji wa miaka mingi husaidiwa na ladha kuisahau sigara, na ukimwondolea, atairudia.

Ya pili ni kutoka San Francisco. Jiji hilo lilipiga marufuku bidhaa zote za tumbaku zenye ladha mwaka 2018. Mtafiti Abigail Friedman wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha mwaka 2021 utafiti ulioonyesha kwamba baada ya marufuku hiyo, uvutaji wa sigara za kawaida kwa wanafunzi wa jiji hilo ulipanda ukilinganishwa na maeneo mengine. Kama ni hivyo, marufuku iliwasukuma vijana kwenye kitu kibaya zaidi.

Nane, mjibu bila kukwepa

Jibu zuri huanza kwa kukubali kilicho kweli. Kwa hoja ya Cochrane, kubali kwamba vepu zinawasaidia baadhi ya wavutaji kuacha. Kisha onyesha kwamba msimamo wako hauziondoi: yenye ladha ya tumbaku inabaki, pamoja na nikotini yake. Ushahidi huo unahusu nikotini katika vepu, na anayetaka kuutumia kutetea ladha ya peremende inambidi athibitishe hatua ya pili peke yake.

Kwa hoja ya San Francisco, angalia tarehe kama tulivyofanya kwa upande wetu. Watafiti wengine walimjibu Friedman kwamba dodoso la wanafunzi wa San Francisco lilijazwa msimu wa vuli wa 2018, ilhali jiji lilianza kuwabana wauzaji kwa vitendo Januari 2019. Kama maduka yalikuwa bado yanauza, haiwezekani kuilaumu marufuku kwa tabia ya wakati huo. Hata hivyo, usijidai umeuzika wasiwasi wenyewe. Kijana anaweza kweli kuhamia sigara, na hilo linatupa sharti la kuongeza: sheria ya ladha iziguse pia sigara za kawaida zenye mentoli, ili asikute utamu uleule kwenye moshi.

Kipo kipingamizi cha tatu, cha magendo. Nacho kijibiwe kwa kutaja nani aadhibiwe. Msimamo wetu unamlenga anayeingiza na anayeuza. Kijana aliyenaswa na nikotini anahitaji msaada wa kuacha, na akiadhibiwa ataficha tu.

Mpango wote kwa ufupi

1. Utangulizi: vepu ni nini, ladha hufanya kazi gani, tofauti ya njia tatu za marufuku, kisha sentensi ya msimamo.
2. Hoja ya kwanza: ladha ni chambo cha asiyevuta. Ushahidi: karibu 9 kati ya 10 mwaka 2024. Maelezo: ukali wa nikotini na umri wa ubongo.
3. Hoja ya pili: mwanya huwahamisha vijana. Ushahidi: kutoka asilimia 2.4 hadi 26.5. Maelezo: walifuata ladha.
4. Hoja pinzani: wavutaji wanaotaka kuacha, na utafiti wa San Francisco.
5. Jibu: ladha ya tumbaku ibaki, tarehe za dodoso zikaguliwe, mentoli ya sigara iguswe, muuzaji ndiye awajibishwe.
6. Hitimisho: rudi kwenye msimamo, ukiwa umeongeza masharti uliyoyapata njiani.

Aya ya hitimisho isiwe marudio ya utangulizi. Msomaji ameona mengi tangu hapo, naye anataka kujua msimamo umebadilikaje baada ya kupingwa. Kwa insha yetu, umebadilika hivi: tulianza kwa kutaka ladha ziondoke katika kila vepu, na tunamaliza tukitaka ziondoke katika sigara pia, huku mvutaji anayehangaika kuacha akibakiziwa njia.

Ukitaka kuileta karibu na nyumbani

Kenya nayo imelifikisha jambo hili bungeni. Mwaka 2024 uliwasilishwa katika Seneti mswada wa kurekebisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, kwa nia ya kuziingiza sigara za kielektroniki na bidhaa nyingine mpya za nikotini katika udhibiti. Sheria ya 2007 iliandikwa wakati ambao bidhaa hizi hazijaenea kwetu.

Anayeandika insha yake Migori, Tanga au Mbarara anaweza kuuliza swali lilelile tulilouliza kuhusu Marekani: sheria au mswada wa nchi yangu unataja kifaa, au unataja ladha? Kama unataja kifaa, andika jina la kifaa ambacho haukukitaja. Ukilipata, umepata aya yako ya pili.